Kreatini ya kwenye kopo na ya kwenye kipande cha protini: ipi ihesabiwe katika dozi ya siku?

Swali

Assalaamu alaykum Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Wete, na nafanya mazoezi ya vyuma siku nne kwa wiki. Wenzangu wa jimu wanatumia unga wa kreatini, gramu 5 kila siku. Mimi unga niliuona ghali, na kwa kuwa kila siku ya mazoezi nakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu na kula kipande cha protini, nikaamua kuvihesabu hivyo viwili badala ya unga. Kopo ni la mililita 500, na nyuma yake, nikiyatafsiri, pameandikwa hivi: mchanganyiko wa nguvu miligramu 2,000, yaani taurini, kreatini, karnitini na kafeini, kisha chini yake, kafeini miligramu 160 kwa kopo. Kipande cha protini huniletea mjomba wangu kutoka Dubai. Kina uzito wa gramu 60, na jedwali lake lina safu moja tu yenye kichwa cha gramu 100, ambamo pameandikwa kreatini monohidrati gramu 3. Basi mbili na tatu ni tano. Ni miezi mitatu sasa na sioni tofauti yoyote, si ya uzito wa mwili wala ya vyuma ninavyonyanyua. Nimekosea wapi? Na je, niongeze kopo la pili?

Jibu

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Kopo la pili usiliongeze, na hilo la kwanza usilihesabu kabisa katika dozi yako ya kreatini. Kipande cha protini unaweza kukihesabu, lakini si kwa gramu 3. Nashukuru sana kwamba umeninakilia maandishi ya lebo kama yalivyo badala ya kuniandikia kwamba kopo lina kreatini ukaishia hapo, kwa sababu katika maneno hayo machache mna karibu kila kitu tunachokihitaji ili kuipata hesabu ya kweli.

Nianze na kipande, kwa kuwa ndicho chenye hesabu nyepesi. Jedwali la lishe huandikwa kwa safu ya gramu 100, au kwa safu ya kipimo kimoja cha kuliwa, au kwa zote mbili, na namba iliyo chini ya kichwa cha gramu 100 haikuambii kilichomo ndani ya kipande, bali inakuambia kilichomo ndani ya gramu 100 za kitu hicho. Kipande chako kina gramu 60. Kwa hiyo chukua 3, zidisha kwa 60, gawa kwa 100, nawe utapata gramu 1.8. Hiyo ndiyo kreatini unayoila siku unayokula kipande kizima, na tofauti yake na zile gramu 3 ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu inajirudia kila unapokula. Kosa hili si la vijana peke yao. Nilipokuwa nikifanya kazi katika duka la dawa kule Unguja, nilimsomea mteja wetu lebo ya kipande kama hicho, nami nikamtajia namba ya safu ya gramu 100. Aliifuata kauli yangu kwa wiki kadhaa, na mpaka leo nasikitika kwamba sikutazama kichwa cha safu kabla sijafungua mdomo.

Lebo zenye safu ya kipimo kimoja nazo zinahitaji jicho la pili. Baadhi ya watengenezaji huhesabu nusu ya kipande kuwa ndicho kipimo kimoja, hasa kipande kikiwa kikubwa, na wengine huhesabu vipande viwili. Kwa hiyo kabla ya kuichukua namba, tafuta mahali panapoeleza kipimo kimoja ni gramu ngapi, kisha ulinganishe na uzito ulioandikwa mbele ya karatasi. Uzito huo ukiwa ni mmoja, namba ichukue kama ilivyo, na usipokuwa mmoja, rudi kwenye hesabu ile ile ya kuzidisha na kugawa.

Neno monohidrati lililofuatana na kreatini katika lebo yako lina maana yake, nawe usiliruke. Monohidrati ni kreatini iliyoshikana na chembe moja ya maji, na katika kila gramu moja ya monohidrati, kreatini yenyewe ni kama gramu 0.88, na iliyobaki ni maji. Dozi inayotajwa katika jimu na katika vitabu vya lishe ya wanamichezo, yaani gramu 3 mpaka 5 kwa siku, kwa kawaida inakusudia uzito wa monohidrati, kwa sababu unga wa aina hiyo ndio uliotumika katika tafiti nyingi. Lebo yako nayo imetaja monohidrati, kwa hiyo gramu 1.8 inaingia moja kwa moja katika hesabu bila kupunguzwa wala kuongezwa. Nakueleza haya kwa sababu nimewaona watu wanaochukua gramu za monohidrati, wakazipunguza kwa ile 0.88, kisha wakazilinganisha na dozi ambayo nayo imehesabiwa kwa monohidrati, na hivyo wakajipunja mara moja bila sababu.

Sasa tulishike kopo, ambalo ndilo lililoiharibu hesabu yako kwa kiasi kikubwa zaidi.

Miligramu 2,000 zilizoandikwa pale ni uzito wa mchanganyiko mzima, nao una vitu vinne. Wewe umeuchukua uzito wa wote wanne ukampa mmoja. Watengenezaji wa bidhaa hizi hupenda kuandika hivyo, jumla peke yake bila kuonyesha kila kimoja kina kiasi gani, na wanunuzi wengi hawaulizi. Hata hivyo lebo haikufunga kila mlango, kwa sababu viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kilicho kizito kikitangulia na kilicho chepesi kikija mwisho. Huo ndio utaratibu wa mwongozo wa kimataifa wa lebo za vyakula unaoitwa Kodeksi, na ndio unaofuatwa na nchi nyingi. Kwa utaratibu huo, na kwa msaada wa namba moja ya kafeini waliyoiandika, tunaweza kuifuatilia kreatini mpaka tuijue mipaka yake.

Kafeini ni miligramu 160, nayo ndiyo ya mwisho katika orodha. Karnitini imeitangulia, kwa hiyo haiwezi kuwa chini ya miligramu 160. Tukiziondoa hizo mbili kutoka katika miligramu 2,000, yanabaki miligramu 1,680 ya kugawana taurini na kreatini, tena hayo ni kwa kukisia karnitini kidogo kuliko vyote inavyowezekana. Taurini imetajwa kabla ya kreatini, kwa hiyo kreatini haiwezi kuizidi, na kwa sababu hiyo haiwezi kuvuka nusu ya miligramu 1,680, ambayo ni miligramu 840. Huo ndio upeo wa juu. Upeo wa chini ni mbaya zaidi: kreatini imeitangulia karnitini, kwa hiyo tunachoweza kukisema kwa yakini ni kwamba haipungui miligramu 160, na yote mengine yanaweza kuwa ni taurini. Kopo ulilolihesabu kuwa na gramu 2 lilitiwa kreatini isiyofika hata gramu moja, na pengine ilikuwa ni sehemu ya sita ya gramu.

Taurini yenyewe inaniletea jambo jingine, kwa sababu wasomaji wawili walioniandikia kabla yako waliichanganya na kreatini. Majina haya, taurini, karnitini, kreatini na kreatinini, yote yanaishia kwa sauti moja, na yakiandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo, jicho lililochoka linaweza kusoma moja badala ya jingine. Taurini na karnitini ni vitu vingine kabisa, ambavyo havijazi akiba ya kreatini katika misuli. Vinywaji vingi vya kuongeza nguvu vina taurini na havina kreatini hata kidogo, na kinywaji mashuhuri cha aina hiyo, Redi Buli, katika kopo lake la mililita 250 kina kafeini miligramu 80 na taurini, lakini hakina kreatini. Ukitaka kuhakikisha, soma neno zima, herufi kwa herufi, kabla ya kuisoma namba iliyo mbele yake.

Ungeweza kuniambia: basi, Mwalimu, nichukue hizo miligramu 840, au nichukue 160 kwa tahadhari, nizihesabu hivyo hivyo. Hapana, mwanangu, na sababu yake ndiyo ningependa uielewe kuliko nyingine zote. Lebo inasema kilichotiwa siku ya kutengenezwa, nayo haisemi kilichobaki siku ya kunywa. Katika unga mkavu tofauti ya mambo hayo mawili haina uzito, lakini ndani ya kinywaji chenye ukali kama wa ndimu ni tofauti kubwa sana.

Kreatini ikikaa ndani ya maji hubadilika polepole kuwa kreatinini, ambayo ndiyo taka ile ile ambayo mwili huitoa kwa mkojo na ambayo misuli haiwezi kuitumia. Kasi ya mabadiliko hayo inategemea ukali wa asidi na joto. Wataalamu walioipima katika maji yenye nyuzijoto 25 waliona kwamba katika siku tatu, maji yenye asidi hafifu ya kiwango cha 5.5 yalipoteza kama asilimia 4 ya kreatini, yenye kiwango cha 4.5 yalipoteza asilimia 12, na yenye kiwango cha 3.5 yalipoteza asilimia 21. Katika kipimo hiki namba ikishuka asidi inazidi, na vinywaji vya kuongeza nguvu vingi vimo karibu na hiyo 3.5 au chini yake kidogo. Ukali unaouhisi ulimini chini ya ule utamu ndio huo.

Sasa fikiria safari ya kopo lako. Limejazwa kiwandani, likakaa ghalani, likapakiwa kwenye kontena la chuma linalopigwa na jua baharini, likashushwa bandarini Malindi, likangojea, likavushwa kuja Pemba, kisha likapangwa dukani Wete, ambako joto la mchana huzidi nyuzi 25 karibu mwaka mzima. Sisemi siku tatu tena, nasema wiki na miezi. Tukichukulia kwamba asilimia 21 inaondoka kila baada ya siku tatu kwa mwendo ule ule, baada ya siku 30 hubaki chini ya sehemu moja ya kumi, yaani kama miligramu 80 kutoka katika zile 840 za upeo wa juu. Haya ni makadirio, kwa kuwa kila kinywaji kina asidi yake na kila kopo lina safari yake, lakini hayaachi nafasi ya kuliita kopo chanzo cha kreatini. Na usidhani kwamba friji ya muuzaji inalirekebisha. Baridi hupunguza kasi kuanzia pale kopo linapoingia humo, lakini kilichokwisha kugeuka njiani hakirudi kwa kupozwa. Wala huwezi kuligundua jambo hili kwa macho au kwa ladha, kwa sababu kreatinini nayo inayeyuka na kinywaji hubaki na rangi yake na utamu wake ule ule.

Wapo watengenezaji waliosema kwamba wamelitatua tatizo hili kwa kuifunga kreatini pamoja na asidi amino iitwayo leusini na kuipa jina la kreatini bora. Kinywaji cha Marekani kiitwacho Bangi, ambacho jina lake halina uhusiano na mmea, kilijitangaza kwa njia hiyo. Mwezi Septemba 2022 baraza la wazee wa mahakama huko Kalifonia lilimwamuru mtengenezaji wake amlipe mshindani wake karibu dola milioni 293 kwa matangazo ya uongo, na madai juu ya kreatini hiyo yalikuwa kiini cha kesi. Panya waliolishwa kiambato hicho katika utafiti uliotolewa mwaka huo huo hawakuonyesha ongezeko la kreatini katika misuli wala katika ubongo, ilhali waliolishwa monohidrati ya kawaida walionyesha. Kwa hiyo ukikutana na kopo lenye neno la kreatini lililounganishwa na jina jingine, na hasa likiwa limepambwa kwa sifa, lipe sifuri katika hesabu yako.

Kipande cha protini hakimo katika hukumu hiyo kwa kiasi kile. Maji yake ni machache na hakina asidi kali, kwa hiyo kreatini iliyomo haina mahali pa kuyeyukia na kugeuka kwa kasi kama ndani ya kopo. Mimi ninaihesabu namba ya kipande, mradi tarehe yake haijapita na mradi imeandikwa kwa gramu. Kipande kinachotaja kreatini katika orodha ya viambato bila gramu zake popote, hicho nakihesabu sifuri, kwa kuwa sina njia ya kujua kama kilitiwa gramu mbili au chembe chache za kutosha kulipamba jina. Kwa bidhaa zinazotoka Ulaya ipo alama nyingine ya kusaidia. Sheria ya huko inaruhusu mtengenezaji kusema kwamba kreatini huongeza uwezo wa mwili katika mazoezi mafupi makali yanayofuatana, lakini ni lazima amweleze mnunuzi kwamba faida hiyo hupatikana kwa gramu 3 kwa siku. Ukiiona kauli hiyo kwenye karatasi, usiisome kuwa kipande kina gramu 3. Isome kuwa ndicho kiasi unachotakiwa kukifikia, kisha urudi kwenye jedwali kutazama kipande kinakupa sehemu gani ya kiasi hicho.

Basi tuikusanye hesabu yako ya wiki, kwa sababu kreatini haifanyi kazi kwa siku moja moja. Mwili wa mtu mzima wa kiasi cha kilo 70 una akiba ya kreatini ya kama gramu 120, karibu yote ikiwa ndani ya misuli, na kila siku kama gramu 2 za akiba hiyo hugeuka taka na kutoka. Mwili hutengeneza karibu nusu ya gramu hizo, na nusu nyingine huletwa na nyama na samaki. Unga unakuja juu ya hayo ili kuijaza akiba mpaka ukingoni, nao hufanya hivyo kwa kuingia kila siku, hata siku usiyonyanyua chochote. Gramu 3 kwa siku huijaza akiba katika muda wa kama wiki nne. Wewe umekula kipande siku nne kwa wiki, yaani gramu 1.8 mara nne, ambazo ni gramu 7.2 kwa wiki nzima. Ukizigawanya kwa siku saba unapata gramu moja na punje kidogo kwa siku. Hiyo ni theluthi ya kiwango cha chini, na kwa maoni yangu inatosha kuieleza miezi yako mitatu bila ya kutafuta kasoro katika mazoezi yako au katika mwili wako.

Pengine utauliza juu ya samaki, kwa kuwa sisi watu wa visiwani tunamla sana. Kilo moja ya jodari mbichi ina kama gramu 4 za kreatini, kwa hiyo kipande cha gramu 200 kina kama gramu 0.8 kabla ya kupikwa, na moto hupunguza kidogo. Samaki usimwingize katika hesabu ya dozi. Watu waliopimwa mpaka ikapatikana hiyo dozi ya gramu 3 mpaka 5 nao walikuwa wakila vyakula vyao vya kawaida, na mchango wa chakula umeshazingatiwa humo.

Juu ya kopo la pili, tazama linakokupeleka. Hata tukisahau safari na joto, na hata tukilipa kila kopo ule upeo wa juu wa miligramu 840, ungehitaji makopo manne ili uzipite gramu 3. Makopo manne yana kafeini miligramu 640, ilhali mtu mzima mwenye afya hushauriwa asizidishe miligramu 400 kwa siku kutoka katika vyanzo vyote, pamoja na kahawa ya barazani. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na usingizi kuruka ndivyo vitakavyokuja kabla ya misuli kupata chochote. Kopo moja ukilitaka kwa ajili ya kuchangamka ni shauri lako, na ninakuomba lisiwe karibu na saa za kulala, lakini liandike katika daftari la kafeini na sukari, si katika daftari la kreatini.

Ninachokushauri ni unga wa kreatini monohidrati mtupu, usiochanganywa na kitu kingine, gramu 3 kila siku, siku za mazoezi na siku za mapumziko. Kipande chako endelea nacho siku zile nne ukipenda, wala usipunguze unga kwa ajili yake. Siku hizo utapata gramu 4.8, na siku nyingine gramu 3, na zote zimo ndani ya mipaka ya dozi, kwa hiyo hutahitaji kupiga hesabu mpya kila asubuhi. Kuhusu ughali, kopo la unga la gramu 300 kwa kipimo hiki linakutosha siku 100. Weka bei yake upande mmoja, na upande wa pili weka bei ya makopo 57 unayoyanywa katika siku hizo hizo 100, kisha utazame mwenyewe.

Gramu 3 uzipime kwa mizani, usizikisie. Kijiko cha plastiki kinachokuja ndani ya kopo la unga mara nyingi kimekusudiwa gramu 5, na kijiko cha chai cha nyumbani hubadilika kutegemea unga ni laini au ni wa chenga. Mizani ya dukani haioni vizuri gramu 3, lakini ipo njia rahisi: chota vijiko kumi vilivyosawazishwa kwa kisu, vitie ndani ya mfuko mmoja, vipime, kisha gawa kwa kumi. Sonara ana mizani inayopima hata sehemu za gramu, na akikubali kukupimia kijiko kimoja cha unga wako utakuwa umemaliza kazi hiyo mara moja kwa kopo zima. Ukibadilisha aina ya unga, pima tena.

Changanya unga na maji au maziwa na unywe papo hapo. Usiutie ndani ya maji ya ukwaju au ya ndimu ukayaweka mpaka kesho, kwa sababu hapo utakuwa umelitengeneza kopo lako mwenyewe. Unga mkavu wenyewe hauogopi joto letu, kwani umewahi kuwekwa katika nyuzijoto 40 kwa zaidi ya miaka mitatu bila ya kuharibika, lakini ufunike vizuri na uuchote kwa kijiko kikavu ili usigande kwa unyevu. Saa ya kuunywa haina masharti, na katika mwezi wa Ramadhani unaweza kuunywa wakati wa kufuturu au wa daku, pamoja na maji ya kutosha.

Jambo la mwisho linahusu hospitali. Kreatini ya unga, na hata kreatinini unayoinywa ndani ya makopo hayo, inaweza kuipandisha namba ya kreatinini katika kipimo cha damu, ambayo ndiyo namba anayoitazama daktari ili kuzijua hali za figo. Ukipimwa damu, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, mwambie daktari kabla ya kipimo kwamba unatumia kreatini, kiasi gani na tangu lini, naye ataweza kuchagua kipimo kingine cha kuthibitisha ikiwa namba imepanda. Na kama umewahi kuambiwa kwamba figo zako zina tatizo, au una kisukari au presha ya kupanda, usianze unga huu kabla ya kuonana naye.

Andika uzito wako wa asubuhi leo, kabla ya kula chochote, na uandike tena baada ya wiki nne za unga. Kilo moja au mbili zinazoongezeka katika kipindi hicho kwa kiasi kikubwa huwa ni maji yanayoingia ndani ya misuli pamoja na kreatini, na ni jambo la kawaida. Mjomba akikuletea kipande cha aina nyingine, soma kichwa cha safu, soma uzito wa kipande, soma kama ni monohidrati, na gramu zake zikiwa hazimo kwenye lebo, kile ukifurahie kama chakula na ukipe sifuri.